Pasi ya nyuzi 480 na bomba la shaba: kwa nini namba kubwa haitoshi

*"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi redio na simu hapa Morogoro. Solda yangu ni ya 60/40 na nimesoma kwamba inayeyuka kwa nyuzi 183. Mbona kila mtu ananiambia niweke pasi kwenye 350? Halafu jirani yangu amenipa kazi ya kuunga bomba za shaba za milimita 15 za hita yake ya jua. Pasi yangu ni ya wati 60 na inafika 480. Nikiifungua hadi mwisho nikatumia solda hiyo hiyo, si itatosha?"*

Haitatosha, ndugu fundi. Bomba la milimita 15 halitaungika kwa pasi hiyo hata ukiishikilia nusu saa, na hata kama lingeungika, solda ya 60/40 haifai kuwekwa kwenye maji ambayo familia itayatumia. Sababu ya jambo la kwanza ndiyo hiyo hiyo inayoeleza kwa nini unaambiwa 350 badala ya 183, kwa hiyo nitaanzia kwenye benchi lako la redio kisha twende kwenye bomba.

Solda yako ni mchanganyiko wa asilimia 60 ya bati na asilimia 40 ya risasi. Bati likiwa peke yake huyeyuka kwa nyuzi 232 za Selsiasi, na risasi ikiwa peke yake huyeyuka kwa nyuzi 327, lakini zikichanganywa, mchanganyiko huyeyuka chini ya zote mbili. Ukiwa na asilimia 63 ya bati na 37 ya risasi, yaani ile inayoandikwa Sn63/Pb37 kwenye gurudumu la waya, solda hugeuka kutoka ngumu kuwa majimaji papo hapo kwenye nyuzi 183. Solda yako ya 60/40 huanza kulainika kwenye 183 na kumalizika kuyeyuka karibu na 190, na katikati hapo huwa kama uji mzito. Ndiyo maana waya wa kijenzi ukitikisika wakati solda inapoa, kiungo hutoka na uso uliofifia wenye mikunjo, na mara nyingi hupoteza mawasiliano baada ya miezi kadhaa ya kupata joto na kupoa.

Kuyeyuka kwa solda, hata hivyo, si kuunga. Shaba ya waya na ya bodi haiyeyuki hata kidogo katika kazi hii, kwa kuwa inahitaji nyuzi 1,085. Kinachofanya kiungo kiwe kiungo ni bati lililoyeyuka kuingiliana na uso wa shaba na kutengeneza tabaka jembamba mno la mchanganyiko wa metali hizo mbili, na ili tabaka hilo lijitengeneze vizuri, shaba yenyewe inapaswa kufika nyuzi 40 hadi 60 juu ya kiwango cha kuyeyuka kwa solda, kwa muda wa sekunde moja au mbili. Kwa solda yako maana yake ni kwamba shaba inatakiwa kufika kati ya nyuzi 230 na 250. Hilo ndilo joto la kiungo, nalo si joto la pasi.

Namba iliyo kwenye kitufe cha pasi inaeleza joto la ncha ikiwa hewani, haijagusa kitu. Mara inapogusa bodi, ncha inapoteza joto kwa kila kilicho mbele yake, na joto halihami kutoka kitu kimoja kwenda kingine bila kuwapo tofauti ya joto kati yao. Ukiweka ncha kwenye nyuzi 250, kiungo kitaikaribia 250 polepole sana, kwa sababu kadiri kinavyoikaribia ncha ndivyo joto linavyohama kwa uvivu. Ukiiweka kwenye 350, kiungo kitapita 230 ndani ya sekunde mbili hivi, nawe utaondoa pasi kabla hakijapanda zaidi. Kwa hiyo hiyo 350 ni njia ya kufika haraka na kutoka haraka, na sehemu ya pili ya sentensi hii ina uzito sawa na ya kwanza.

Kwa 60/40 na kazi za kawaida za redio mimi ningekushauri ufanye kazi kati ya 320 na 350. Simu na vifaa vingi vya kisasa vimeunganishwa kwa solda isiyo na risasi, kwa kuwa Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku risasi kwenye vifaa vingi vya umeme kuanzia Julai 2006 na viwanda vingi duniani vikafuata. Solda hiyo, inayouzwa mara nyingi kwa alama ya SAC305, ni ya bati, fedha na shaba, na huyeyuka kati ya nyuzi 217 na 220. Ukikuta kiungo cha namna hiyo, panda hadi 350 au 370. Zaidi ya 380 sioni sababu, isipokuwa kwa sekunde chache kwenye kiungo kizito ambacho umeshakijaribu kwa njia nyingine.

Njia hiyo nyingine inastahili kuelezwa, kwa sababu hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu bodi. Chukua mguu wa kapasita ulioungwa kwenye eneo pana la shaba, lile la upande hasi linaloenea karibu bodi nzima. Unagusa, solda inayeyuka pembezoni tu na kuganda tena, na mkono unakimbilia kitufe kupandisha joto. Lakini tatizo hapo si kwamba ncha haina joto la kutosha; tatizo ni kwamba eneo lile la shaba linanyonya joto kwa kasi kuliko ncha nyembamba inavyoweza kulipeleka. Badilisha ncha kwanza. Ncha pana na fupi, ya umbo la patasi, inagusa eneo kubwa zaidi na kupitisha joto jingi zaidi kwa nyuzi zile zile. Weka tone dogo la solda mpya kati ya ncha na kiungo ili mguso uwe wa majimaji badala ya kuwa wa nukta moja. Ikishindikana bado, pasha bodi yote kwa hewa moto hadi karibu nyuzi 100, kisha rudi na pasi. Katika visa vingi hutahitaji kugusa kitufe kabisa.

Ukifungua pasi hadi 480 utaona dalili mapema kama unajua mahali pa kutazama. Flaksi iliyo ndani ya waya wa solda, ambayo kazi yake ni kuondoa oksidi kwenye shaba, itafuka na kuungua kabla haijafanya kazi, na itaacha ganda la kahawia au jeusi kuzunguka kiungo. Unapoondoa pasi, solda itavutika na kuacha mwiba, kwa sababu hakuna flaksi iliyobaki ya kuifanya ijikusanye. Ncha yenyewe itageuka nyeusi na kukataa kushika solda, na ikifika hapo mguso wake na kiungo ni mbaya kiasi kwamba fundi hupandisha joto tena akidhani pasi imechoka. Mwisho ni kidoa cha shaba, kile ambacho mguu wa kijenzi huungwa juu yake, kubanduka kwenye bodi. Bodi ya kawaida ya nyuzi za kioo huanza kulegea katika nyuzi 130 hadi 180 kutegemea aina yake, nayo gundi inayoshika shaba juu yake hudhoofika kadiri joto linavyozidi na muda unavyorefuka. Bodi za kahawia za redio za zamani ni dhaifu zaidi. Kidoa kikishabanduka hakirudi mahali pake, na kuanzia hapo ukarabati unakuwa wa kuunga waya pembeni.

Sasa twende kwenye bomba, tukiwa na hesabu mkononi.

Mguu wa rizista wenye kipenyo cha milimita 0.6 na urefu wa sentimita moja una uzito wa takribani gramu 0.025. Kuupandisha kutoka joto la chumba hadi 230 kunahitaji takribani jouli 2, na ukijumlisha kidoa cha bodi pamoja na solda yenyewe, kiungo kizima kinakula jouli kama 5. Pasi ya wati 60 inaweza kutoa jouli 60 kwa sekunde, mbali na akiba kubwa iliyomo kwenye ncha. Ndiyo maana kazi inaisha kabla hujavuta pumzi.

Bomba la shaba la milimita 15 lenye ukuta wa milimita 0.7 lina uzito wa gramu 280 kwa kila mita. Kwenye kiungo kimoja utapasha, tuseme, sentimita 10 za bomba kila upande pamoja na kiungio, yaani kipande kinachounganisha bomba mbili, jumla gramu 70 hivi. Kila gramu ya shaba inahitaji jouli 0.385 ili ipande nyuzi moja, kwa hiyo kutoka nyuzi 25 hadi 250 unahitaji jouli 6,000 na ushei, zaidi ya mara elfu moja ya kiungo cha rizista. Mtu anaweza kusema kwamba wati 60 zitafikisha jouli hizo ndani ya dakika mbili. Zingefika kama bomba lingekuwa linakusubiri, lakini shaba ni miongoni mwa metali zinazosafirisha joto vizuri kuliko zote. Kiungo kikiwa kwenye 250 na bomba likiwa bado kwenye joto la kawaida umbali wa sentimita 10 tu, kila upande unakimbiza joto kwa kasi ya wati 27 hivi. Pande mbili ni wati 54. Karibu pasi yako yote imeishia hapo, kabla hujahesabu joto linalopotea hewani, na kabla hujakumbuka kwamba ncha ikigusa bomba la mviringo inagusa mstari mwembamba tu. Bomba litapata joto la kuchoma vidole, na litabaki hapo hapo.

Moto wa mshumaa una joto linalopita nyuzi 1,000, na hakuna aliyewahi kuchemsha pipa la maji kwa mshumaa. Nyuzi 480 za pasi yako ni nyuzi za kweli, lakini bomba linadai wingi wa joto kwa kila sekunde, na huo unaandikwa kwa wati. Tochi ya gesi ya propani ya mkononi hutoa zaidi ya kilowati moja, na moto wake unakaribia nyuzi 1,900. Kwa tochi hiyo kiungo cha milimita 15 kinafika kwenye joto lake kwa muda usiozidi nusu dakika hivi, na hapo kazi ya fundi inageuka kabisa: kwenye bodi unachagua joto la ncha ukaliacha, ilhali kwenye bomba huna kitufe cha nyuzi, joto unalipima kwa macho na kwa solda yenyewe.

Kipimo hicho ni rahisi, lakini kinataka utulivu. Sugua mwisho wa bomba na ndani ya kiungio kwa pamba ya chuma hadi shaba ing'ae, paka flaksi ya mabomba kidogo, ingiza bomba hadi mwisho, kisha elekeza moto kwenye kiungio badala ya bomba, kwa sababu kiungio ndicho kizito na solda huvutwa kuelekea kwenye joto. Flaksi itachemka, kisha itatulia na kung'aa. Gusa kwa waya wa solda upande ulio mbali na moto. Ikikwaruza bila kuyeyuka, ondoa waya na uendelee sekunde chache. Ikiyeyuka kwa kugusa shaba tu, huku moto ukiwa upande mwingine, basi shaba yote imeshafika, nawe ondoa moto mara moja. Solda itavutwa yenyewe ndani ya mwanya, ambao ni sehemu ndogo ya milimita moja, na utaona pete yake ikitokea pande zote. Kwa waya wa solda wa milimita 3, urefu unaokaribia kipenyo cha bomba, yaani milimita 15 hivi, unatosha. Kinachodondoka chini ni cha ziada.

Kosa la kuyeyusha solda kwa moto wenyewe ili idondokee kwenye kiungo ndilo kosa lile lile la kuyeyusha solda kwenye ncha ya pasi na kuipaka juu ya mguu wa rizista. Solda inaganda juu ya metali baridi, inaonekana nzuri kwa nje, na haijashika. Kosa la upande wa pili ni kuzidisha moto: flaksi inageuka nyeusi, shaba inafanya ganda jeusi, na solda inakimbia juu yake kama matone bila kutandaa. Hapo hakuna dawa ya kuongeza solda. Acha kipoe, fungua, sugua, anza upya.

Jambo moja humsumbua kila anayekarabati bomba lililokuwa likitumika: maji. Maji kidogo yaliyobaki ndani hushikilia joto la bomba karibu na nyuzi 100 hadi yaishe kuchemka, na 100 ni mbali sana na kuyeyuka kwa solda yoyote ya mabomba. Ukiona umepiga moto dakika nzima na solda haitaki, na husikii chochote isipokuwa mlio mdogo wa mchemko ndani, zima moto ukamalize kutoa maji. Acha pia upande mmoja wa bomba wazi, kwa sababu mvuke uliofungiwa utatoboa njia kwenye solda ambayo bado ni majimaji.

Kuhusu solda ya kutumia, 60/40 iache benchini. Asilimia 40 yake ni risasi, ambayo ni sumu na huathiri zaidi watoto wadogo, na maji ya moto yanayolala usiku kucha ndani ya bomba huimega risasi hiyo. Marekani iliweka kwenye sheria mwaka 1986 kwamba solda ya mabomba ya maji ya kunywa isizidi asilimia 0.2 ya risasi. Nunua solda ya mabomba isiyo na risasi. Ile ya bati na shaba kidogo, yenye alama ya Sn97Cu3, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 227 na hubaki kama uji kwa nyuzi nyingi kabla ya kumaliza kuyeyuka, jambo ambalo kwenye bodi lingekuwa kero lakini kwenye bomba linasaidia kujaza mwanya usio sawa. Ile ya bati na antimoni, Sn95Sb5, huyeyuka karibu na nyuzi 235 hadi 240. Yoyote kati ya hizo inafaa kwa maji.

Usichanganye flaksi pia, na hapa nakusihi kwa sababu wewe utakuwa na kazi zote mbili chini ya paa moja. Flaksi ya mabomba kwa kawaida ina kloridi ya zinki, kemikali inayosafisha shaba chafu kwa nguvu, na kwenye bomba masalia yake hufutwa kwa kitambaa chenye maji na kusukumwa nje kwa maji. Kwenye bodi masalia hayo hayatoki yote. Yananyonya unyevu wa hewa, yanapitisha umeme mahali pasipotakiwa, na baada ya wiki chache nyuzi za shaba zinageuka kijani na kukatika. Redio inaondoka kwako ikiimba na kurudi ikiwa bubu. Weka kopo hilo mbali na meza ya saketi, na usisafishe ncha ya pasi kwa flaksi hiyo. Waya wa solda wa benchini una flaksi ya utomvu ndani yake, na huo ndio unaofaa kwa bodi.

Limebaki swali ambalo hukuuliza, na kwa hita ya jua ndilo lenye uzito: viungo hivyo viko sehemu gani? Kiwango cha kuyeyuka kwa solda ni pia mpaka wa joto ambalo kiungo kitaweza kulivumilia maishani mwake, na solda hudhoofika mapema sana kabla haijafika kwenye mpaka huo. Ndani ya kisanduku cha kioo, maji yakikatika mchana wa jua kali na mabomba yakabaki matupu, joto linaweza kupita nyuzi 150, na kwenye paneli nzuri zenye rangi maalumu ya kunyonya jua linaweza kukaribia 200 au kupita. Solda ya 60/40 ingekuwa imeshayeyuka au iko mlangoni, na hata ile ya mabomba inakuwa imepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, kisha maji yanarudi na shinikizo lake.

Viungo vya ndani ya paneli, kwa hiyo, huungwa kwa fimbo za shaba na fosforasi, zinazoanza kuyeyuka karibu na nyuzi 710, au 645 zikiwa na asilimia 15 ya fedha. Shaba kwa shaba haihitaji flaksi kwa fimbo hizo, lakini usizitumie kwenye chuma, maana kiungo kinakuwa chepesi kuvunjika. Hapo bomba linapaswa kuwa jekundu iliyofifia, na tochi ndogo ya propani itahangaika. Mafundi wa friji na viyoyozi wana moto wa kazi hiyo na mkono uliouzoea. Bomba la maji baridi linaloingia kwenye tangi, na bomba linalotoka tangini kwenda bafuni, unaweza kuyaunga wewe kwa tochi na solda isiyo na risasi. Viungo vilivyo ndani ya kioo, na ile mita moja ya kwanza inayotoka kwenye paneli, mpe fundi wa friji.